Saa Nne ya Melbourne

Jumapili, baada ya misa, Jovelyn Baldoza alikwenda kwa jirani kuomba majogoo wanyamazishwe. Maneno ya kuombea aliyapanga tangu kanisani, na alipofika kwenye geti yakampotea yote. Jirani mwenyewe ni Manang Pacing, Manang ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri, na mumewe anafuga majogoo wa kupiganisha, tisa, kila mmoja na kibanda chake, na huku kwetu Jaro ukimwomba mwenye jogoo amfunge mdomo jogoo wake ni kama umemwomba akuazime meno yake ukatafunie.

"Ni dakika ishirini tu, Manang," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi. Nina usaili."

"Usaili na nani, na wewe mbona hutoki nyumbani?"

"Na mzungu. Kwenye kompyuta. Wananipigia simu ya video kutoka Australia."

Manang Pacing hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliendelea kukunja nguo zake zilizokauka, shuka baada ya shuka, akamwacha msichana wa watu amesimama juani. Baadaye akamuuliza kama anakumbuka kesho ni siku gani. Jovelyn akasema anakumbuka. Kesho kabla ya saa sita mchana alitakiwa kuweka sahihi mkataba wa Hong Kong, miaka miwili ya kupika na kulea watoto wawili wa watu, na aliyemtafutia nafasi hiyo ni Manang Pacing huyo huyo, maana yeye ndiye anayemkusanyia wakala wa kazi za nje wanawake wa mtaa wetu. Vipimo vya hospitali vilikuwa tayari. Pasi ilikuwa tayari. Kilichobaki ni sahihi.

"Mimi sikufukuzi," Manang Pacing alisema. "Ila yuko mwanamke wa Leganes ananipigia simu kila siku, anaitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Ukikosa huko kwenye kompyuta yako, uje. Ukipata, niambie mapema nimpe mwenzako. Usinifanye mimi mjinga."

Jovelyn akasema hatamfanya mjinga. Manang Pacing akakubali kuwafunika majogoo kwa magunia, wadhani ni usiku, ila akasema mumewe ataombwa na Jovelyn mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwa hiyo akazunguka nyuma ya nyumba akaomba mara ya pili, mzee akinyoosha manyoya ya jogoo mwekundu bila kuinua macho. Siwalaumu sana. Lakini mtu mzima kuomba ruhusa ya kusikika nyumbani kwake ni kazi ngumu, na ningekuwa mimi ningelia palepale.

.

Nyumbani kwa Jovelyn walikuwa watatu: yeye, mama yake Bi Salud, na mtoto wake wa miaka mitano anayeitwa Yanyan. Bi Salud anafua nguo za watu, na vifundo vya mikono vimeshaanza kumkatalia. Hakuna aliyetaka Jovelyn aende Hong Kong. Hakuna pia aliyejua wataishije asipoenda. Ndiyo maana ile kazi ya Australia iliingia mle ndani kama mgonjwa aliyepata nafuu. Kila mtu akawa anaiulizia, anaizunguka kwa ncha za vidole.

Kazi hizi za mtandaoni watu wanazisikia tu. Unajiandikisha kwenye tovuti, unaweka picha yako na ujuzi wako, halafu unaomba kazi moja baada ya nyingine kwa watu usiowajua. Jovelyn aliomba kazi arobaini na moja. Thelathini na tano hazikujibiwa hata kwa neno moja. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Bi Fiona Tranter, mwenye kliniki ya kunyoosha viungo huko Melbourne, aliyetaka mtu wa kushika kalenda yake: kupokea maombi ya wagonjwa, kuwapangia saa, kuwakumbusha kwa ujumbe siku moja kabla, na kuwahamisha wanaohamisha. Saa ishirini kwa wiki, dola sita kwa saa, na tovuti inakata fungu lake humo humo. Alimpa Jovelyn jaribio, wiki nzima ya wagonjwa wa kubuni wenye saa zinazogongana, azipange upya. Jovelyn akazipanga bila kosa hata moja.

Ijumaa ukaja ujumbe. Bi Fiona alisema amependa kazi yake, wamebaki wawili tu, angependa waonane uso kwa uso kwa dakika ishirini. Jumatatu saa nne asubuhi, saa za kwake. Chini akaweka linki ya chumba cha video cha kuonania.

Jovelyn alijibu kwa haraka: ndiyo Bi Fiona, nimepokea, asante sana. Akatuma, akaushika moyo wake.

Binamu yake Gretchen, anayefanya kazi hizi na Wamarekani mwaka wa tatu sasa, alimuuliza kwenye simu kwa nini hakuandika pia saa ya kwetu, ili mama yule aithibitishe.

"Ataniona sijui kuhesabu," Jovelyn alisema. "Anatafuta mtu wa kupanga saa, mimi nianze kwa kumuuliza saa?"

"Watu wanauliza, dada. Si dhambi."

"Naona aibu."

Basi. Kwetu mtu akisema anaona aibu, mazungumzo yamekwisha. Hata Gretchen mwenyewe angeona aibu. Jumamosi wakaiuliza simu, Melbourne sasa hivi ni saa ngapi, simu ikasema wako mbele yetu kwa saa mbili. Saa nne kutoa mbili ni mbili. Wakafanya hesabu mara tatu, kwa vidole na bila vidole. Jovelyn akaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, SAA MBILI, akaibandika ukutani juu ya jiko, na Yanyan akachora ua pembeni.

Kumbe usiku ule wa kuamkia Jumapili, sisi tukiwa tumelala, watu wa Melbourne walizisogeza saa zao mbele. Wanafanya hivyo kila mwaka mchana wao unaporefuka, na nusu ya mwaka baadaye wanazirudisha. Huku kwetu jua linachomoza pale pale lilipozoea, na hakuna aliyewahi kuigusa saa isipokuwa imekufa betri. Gretchen alijua habari za Wamarekani, kwamba wao wanazirudisha nyuma mwezi wa kumi na moja. Za Waaustralia hakuzijua, kwa kuwa hakuwahi kufanya nao kazi. Kuanzia alfajiri ile saa nne ya Bi Fiona ilikuwa saa moja ya kwetu, na karatasi ukutani ilisema mbili.

.

Jioni ya Jumapili Gretchen alileta kompyuta yake. Ilikuwa nzee, ukiichomoa kwenye umeme inadumu dakika hamsini tu, na kesho umeme ulikuwa umetangazwa kukatika asubuhi. Kwa hiyo waliichaji mpaka ikajaa, wakaizima, na Gretchen akaapa atakayeiwasha kabla ya wakati atamkata vidole. Bando la simu nalo lilikuwa la siku moja, na simu ina tabia ya kulinywa lenyewe kwa kusasisha vitu usivyoviomba, hivyo wakaizima data kabisa. Ataiwasha saa mbili kasoro dakika ishirini, Gretchen alisema, asubiri kwa utulivu, aonekane mtu wa kuwahi.

Wakapanga mahali. Dirisha liwe mbele yake, lisiwe nyuma, asije akaonekana kivuli kinachoongea. Kompyuta wakaipandisha juu ya makopo mawili ya maziwa ili kamera ilingane na macho, maana kamera ikiwa chini mtu anaonwa matundu ya pua. Nyuma wakatundika shuka jeupe kufunika gunia la mchele, kabati lisilo na mlango na kamba ya nguo. Sanamu ya Mtoto Yesu ilibaki nje ya shuka, na Bi Salud akakataa isihamishwe, akasema kama mzungu yule ana neno na Mtoto Yesu basi kazi yenyewe ina walakini. Badala yake wakalivuta shuka likaifunika.

Halafu mazoezi. Gretchen akawa ndiye mzungu. Alimkataza kusema ndiyo Bi Fiona kila baada ya neno. Alimwonya asiitazame picha, aitazame kamera, hata kama ni kama kuongea na tundu la ufunguo. Usipoelewa, sema hujaelewa. Ukiulizwa udhaifu wako, usiseme unafanya kazi kupita kiasi, kila mtu anasema hivyo. Jovelyn alirudia maelezo yake mpaka Yanyan akayajua, akawa anaimba kwa Kiingereza kwamba ana uzoefu wa miaka minne wa huduma kwa wateja.

"Mama, ukipata hii huendi kule?" mtoto aliuliza katikati ya wimbo.

Watu wazima watatu wakatazamana.

"Nikipata hii siendi," Jovelyn alisema.

.

Jumatatu Jovelyn aliamka saa kumi na moja. Akaoga, akakausha nywele kwa taulo, akavaa blauzi ya bluu aliyoiazima na kaptula yake ya siku zote, kwa kuwa kamera haifiki huko chini. Bi Salud alikaanga mayai na samaki mkavu, halafu akakumbuka harufu, akafungua madirisha yote kana kwamba mzungu angeinusa kutoka Melbourne. Jovelyn hakuweza kula. Alikunywa kahawa nusu kikombe, na mama yake akamshika mikono akaisugua mmoja mmoja.

Saa moja kamili Bi Salud alikuwa anamchana nywele.

Saa hiyo hiyo, ambayo huko kwake ni saa nne, Bi Fiona aliketi mezani na chai yake, akafungua chumba, akakaa akijiangalia mwenyewe. Saa moja na dakika nne aliandika: Habari Jovelyn, niko ndani, karibu. Jovelyn alikuwa anamwomba mama yake asibane sana, kichwa kinauma. Saa moja na dakika tisa Bi Fiona aliandika tena kuuliza kama kuna tatizo la mtandao, akaijaribu simu ya kwenye tovuti, ikaita bila kupokelewa. Simu ya Jovelyn ilikuwa juu ya friji mbovu, imetulia, imechajiwa asilimia mia, data imezimwa. Yeye alikuwa amesimama mbele ya shuka jeupe akirudia kwa sauti ya chini kwamba anauheshimu sana muda wa mteja. Saa moja na robo Bi Fiona akaandika kwamba inambidi atoke kujiandaa, ana mwingine saa nne na nusu ya kwake. Alikuwa mtu mwema, hakuandika kwa hasira. Akatoka.

Saa ile Manang Pacing na mumewe walikuwa wanatembea na magunia kutoka kibanda hadi kibanda. Mzee alinung'unika, lakini aliwafunika wote tisa, na mtaa ukanyamaza ghafla hivi kwamba mwenye duka alitoka nje kuangalia kuna nini. Akaambiwa. Akazima redio yake. Mwanamke wa upande wa pili akawafukuza watoto wakacheze mbali. Nasema kweli, sijawahi kuuona mtaa wetu ukimfanyia mtu jambo kama lile, na mtu mwenyewe si marehemu.

.

Saa mbili kasoro dakika ishirini Jovelyn akapiga ishara ya msalaba, akaiwasha kompyuta, akaiwasha data. Bi Salud alimtoa Yanyan nje, akaufunga mlango, akakaa kwenye ngazi akiwa na kidole mdomoni kwa ajili ya yeyote atakayepita.

Ile linki ilifunguka. Uso wake mwenyewe ukatokea, mweupe kidogo kwa mwanga wa dirisha, nadhifu, nywele zimelala. Chini yake maandishi: mwenyeji yuko kwenye kikao kingine, tafadhali subiri. Jovelyn akashusha pumzi. Ni mapema, alijiambia, mama wa watu ana kazi zake. Akaitazama kamera akatabasamu, akaendelea kutabasamu, asije akaingizwa ghafla akakutwa amenuna.

Ujumbe uliingia wote kwa pamoja kwenye simu. Aliusoma wa chini kwanza, unaosema inanibidi nitoke. Akapanda juu. Akasoma saa zilizoandikwa pembeni, moja na dakika nne, moja na dakika tisa, moja na robo, akadhani simu imeharibika. Akaiuliza ile simu, kama Jumamosi, Melbourne sasa hivi ni saa ngapi. Ikamjibu. Saa tatu zilikuwa kati yetu na wao, siyo mbili.

Aliandika kwa vidole viwili, akafuta, akaandika tena: Bi Fiona, nisamehe, nilihesabu vibaya, niko hapa sasa, naweza kusubiri muda wowote. Akatuma. Mwenyeji yuko kwenye kikao kingine. Akasubiri dakika tano, kumi, akilitazama duara dogo likizunguka. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Huwezi kugonga mlango wa kompyuta. Huwezi kumtuma mtu akuitie mwenye nyumba, wala kwenda kukaa kibarazani kwake mpaka akuonee huruma.

Saa mbili kasoro dakika mbili jibu likaja.

"Jovelyn, pole sana," aliandika Bi Fiona. "Tulisogeza saa zetu jana, nahisi ndicho kilichokuchanganya, inatokea. Lakini nimemaliza sasa hivi kuzungumza na mwenzako na nimempa kazi. Yeye Ijumaa ile aliniuliza kwao itakuwa saa ngapi. Kazi hii ni ya saa tupu, naamini utanielewa. Siku nyingine uliza tu, hakuna anayechukia kuulizwa. Nakutakia kila la heri."

Alisoma mara mbili. Nje ya mlango akamsikia mama yake akimnong'oneza mtu, na sauti ya Manang Pacing ikiuliza, ameanza? Bi Salud akasema bado, ni saa mbili kamili sasa hivi.

Mtaa mzima ulikuwa nje unamsikiliza.

Na Jovelyn, Mungu amsamehe, akafungua mdomo. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyotoka vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi, habari za asubuhi Bi Fiona, nimefurahi kukutana nawe. Alikuwa anaongea na uso wake mwenyewe. Akanyamaza kidogo kama anayesikiliza swali. Akaeleza uzoefu wake wa miaka minne. Akanyamaza. Akacheka kidogo, kicheko cha heshima. Akaeleza anavyopanga kalenda, anavyoacha robo saa kati ya mgonjwa na mgonjwa, anavyowakumbusha siku moja kabla. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kola ya blauzi ya watu, na sauti haikutetemeka. Hakupanga kufanya hivyo. Aliona tu hawezi kuufungua ule mlango dakika ile, na dakika zilizofuata akaona hawezi kuacha.

Bi Salud haelewi Kiingereza zaidi ya asante na kwaheri, lakini alimsikia mwanawe akiongea bila kukwama, akicheka na wazungu. Aliushika mkono wa Manang Pacing akaubana.

Baada ya dakika ishirini alishukuru, akaaga, akaifunga kompyuta. Akajifuta uso kwa upande wa ndani wa shuka. Mlangoni alijiambia atasema kweli, aliyatayarisha maneno kabisa, mawili tu, nimechelewa, mama.

Alipofungua, wote walikuwa pale. Mama yake kwenye ngazi, Yanyan, Manang Pacing na gunia begani, mwenye duka, wanawake wawili wa upande wa pili. Mama yake alikuwa analia na kucheka.

"Umepata?" aliuliza Bi Salud.

Jovelyn akajaribu kusema. Akaitazama mikono ya mama yake iliyovimba vifundo, akainua nyusi zake mara moja, juu na chini, kama tunavyofanya kwetu mtu anaposema ndiyo.

Yanyan akapiga kelele akamrukia kiunoni. Bi Salud alipiga msalaba, akageuka kwa jirani yake.

"Basi Manang, asante kwa yote," alisema. "Ile ya Hong Kong mpe yule mwingine."

Manang Pacing alimtazama Jovelyn muda mrefu kidogo, akimpa nafasi, naamini alikuwa anampa nafasi. Jovelyn alikuwa ameinamia nywele za mtoto. Manang Pacing akaliweka gunia chini, akatoa simu mfukoni, akampigia yule mwanamke wa Leganes. Alimwambia achukue pasi yake na picha nne, afike kwa wakala kabla ya saa sita, na asichelewe.